Nusu kwa Nusu: Uzito wa Paa la Tembe Unavyoshuka kwenye Nguzo

Katika miteremko ya Mbulu na Karatu, Wairaqw walijenga kwa vizazi vingi nyumba ambayo mgeni angeweza kuipita bila kuiona. Upande wa nyuma ulichimbiwa mlimani, ukuta wa mbele ukawa mfupi, na paa lake tambarare likafunikwa udongo mpaka likafanana na ardhi inayolizunguka. Wazee husimulia kwamba zamani za kuvamiana kwa ajili ya ng'ombe, nyumba isiyoonekana ilikuwa salama kuliko yenye ukuta mrefu. Tembe ya namna hii ina ndugu zake Dodoma kwa Wagogo na Iringa kwa Wahehe, na zote zina jambo moja linalomgusa mtu yeyote anayejenga leo, iwe Karatu mjini, Rhotia au Oldeani: juu ya kichwa cha mwenye nyumba kuna tani za udongo, na tani hizo lazima zifike chini kwa njia inayojulikana.

Mazungumzo ya leo yanaifuata njia hiyo. Udongo hukaa juu ya majani na fito. Fito hukaa juu ya boriti. Boriti inalala juu ya nguzo mbili, moja kila ncha, na nguzo imesimama ardhini. Swali la fundi, na la mwanafunzi wa ufundi pia, ni hili: kila nguzo inasukuma juu kwa nguvu kiasi gani ili boriti isishuke? Nguvu hiyo ya kusukuma juu ndiyo wahandisi wanaiita mjibizo wa egemeo. Mzigo unashuka, egemeo linajibu, na boriti inatulia.

Tembe ni mahali pazuri pa kujifunzia swali hili kwa sababu inatimiza masharti mawili bila kujitahidi. La kwanza ni mzigo. Udongo uliotandazwa kwa unene uleule toka ncha hadi ncha unaipa kila sentimita ya boriti uzito sawa na jirani yake. Huo ndio mzigo uliotawanyika sawasawa. La pili ni egemeo lenyewe. Nguzo ya tembe huchaguliwa yenye panda juu, na boriti hulazwa ndani ya panda hiyo. Haikupigiliwa misumari ya kuibana, wala haikumwagiwa zege pamoja na nguzo. Boriti ikipinda kidogo katikati, ncha zake zinajizungusha ndani ya panda bila kizuizi. Panda inaizuia isishuke na isiteleze kando, basi. Boriti ya hivyo, yenye maegemeo mawili tu yanayoiacha izunguke, ndiyo vitabu vinaiita boriti iliyoegemezwa kisahili.

Sasa zije tarakimu. Tuchukue boriti yenye urefu wa mita 3 kati ya panda na panda, na boriti zimepangwa kila baada ya nusu mita. Juu yake pana udongo mkavu wenye unene wa sentimita 20. Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida ulioshindiliwa kwa miguu ina uzito wa kilo 1,600 hivi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya paa inabeba kilo 320 za udongo peke yake. Fito, majani na boriti zenyewe tuzipe kilo 40. Jumla ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba.

Hapa ndipo wengi hujikwaa mapema, kwa kuwa boriti haipimwi kwa mita ya mraba. Boriti ni kitu kirefu, na mzigo wake huhesabiwa kwa mita moja ya urefu. Kila boriti inahudumia ukanda wake: robo mita upande wa kushoto, robo mita upande wa kulia, mpaka katikati ya njia ya kwenda kwa boriti jirani. Upana wa ukanda ni nusu mita. Kilo 360 zikizidishwa kwa nusu mita zinatoa kilo 180 kwa kila mita ya boriti. Boriti ina mita 3, hivyo mzigo wake wote ni kilo 540, zaidi ya magunia matano ya mahindi ya kilo mia mia. Na hiyo ni boriti moja tu kati ya nyingi.

Kilo 540 zinagawanywaje? Jibu la haraka ni nusu kwa nusu, kilo 270 kila nguzo, na jibu hilo ni sahihi. Lakini anayelijua kwa kukisia tu atakwama siku mambo yatakapokuwa si sawa pande zote, kwa hiyo inafaa kuona linatoka wapi.

Boriti iliyotulia inatii sharia mbili. Kwanza, nguvu zinazoshuka na zinazopanda lazima zilingane. Nguzo mbili kwa pamoja zinatoa kilo 540, wala si zaidi wala pungufu. Sharia hii haisemi nani anatoa ngapi. Ya pili inasema: boriti haizunguki. Fundi achague ncha moja, tuseme ya kushoto, na aifikirie kuwa bawaba. Udongo wote unataka kuizungusha boriti ishuke upande wa kulia, na nguzo ya kulia inaizuia. Nguvu ya kuzungusha, yaani momenti, ni uzito ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye bawaba. Kwa kuwa udongo umetawanyika sawa, umbali wake wa wastani ni katikati ya boriti, mita 1.5. Kilo 540 mara mita 1.5 ni 810. Nguzo ya kulia iko mita 3 kutoka kwenye bawaba, na lazima itoe momenti ileile ya 810. Ukigawa 810 kwa 3 unapata kilo 270. Kilichobaki, kilo 270 nyingine, ni cha nguzo ya kushoto.

Wahandisi wanaiandika hesabu yote hiyo kwa ufupi hivi: R = wL/2. Herufi w ni mzigo kwa kila mita, L ni urefu kati ya maegemeo, na R ni mjibizo wa kila egemeo. Kwenye michoro rasmi watatumia newtoni badala ya kilo, wakizidisha kwa 9.81, na kilo 270 zitaandikwa kilonewtoni 2.65. Njia haibadiliki.

Yafaa kutazama kisichomo ndani ya kanuni hiyo. Hakuna aina ya mti. Hakuna unene wa boriti. Boriti ikiwa ya mkaratusi, ya chuma au ya zege lenye nondo, ilimradi mzigo wa kila mita ni uleule na urefu ni uleule, nguzo zinapokea kilo zilezile. Fundi akinunua boriti nene zaidi ili paa lisipinde, amesaidia boriti. Nguzo hajazisaidia hata kilo moja. Kwa kweli ameziongezea, maana boriti nene ni nzito zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu makini atalisisitiza. Katika hesabu ya mijibizo tuliruhusiwa kuuchukua udongo wote na kuufikiria umerundikwa katikati. Ruhusa hiyo inaishia kwenye mijibizo. Mwanafunzi akiendelea nayo na kutafuta momenti ya kuipinda boriti katikati, atapata WL/4, W ikiwa mzigo wote wa boriti, ambayo kwa tembe yetu ni 405. Ukweli ni WL/8, yaani 202.5. Udongo uliotandazwa unaipinda boriti kwa nusu tu ya namna ambavyo ungeipinda ungelundikwa katikati, ingawa nguzo hazioni tofauti yoyote. Ndiyo maana pia siku ya kutengeneza paa, udongo mpya unapaswa kutandazwa kadiri unavyopandishwa. Ukimwagwa wote katikati na kusubiri, udongo huo unaitia boriti adha maradufu kwa saa chache, na saa chache zinatosha kuipasua.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho hahitaji maabara. Mizani mbili za kupimia uzito wa mtu zinatosha, pamoja na ubao wa mita 2 na tofali za kuchoma, ambazo Karatu hazina uhaba. Kila mizani iwekewe kipande kifupi cha nondo juu, na ncha za ubao zilazwe juu ya nondo hizo, ili ijulikane hasa ubao unaegemea wapi. Tuseme ubao una kilo 8 na kila tofali kilo 3. Tofali 10 zikipangwa toka ncha hadi ncha, jumla ni kilo 38, na kila mizani itaonyesha karibu 19. Kisha tofali 5 za upande wa kulia ziondolewe. Zilizobaki zina kilo 15, na katikati yake iko robo ya njia kutoka kushoto. Mizani ya kushoto inachukua robo tatu za kilo 15, yaani 11.25, na ya kulia inachukua 3.75. Kila moja iongezewe kilo 4 za nusu ya ubao: kushoto 15.25, kulia 7.75. Nusu kwa nusu imekwisha, lakini jumla ni 23, sawasawa na ubao pamoja na kilichopo juu yake. Jumla isipolingana, kuna mahali pamekosewa, na mara nyingi ni nondo iliyoteleza au ubao unaogusa mizani mahali pengine. Kujumlisha mijibizo yote na kuilinganisha na mzigo wote ni kipimo cha sekunde kumi ambacho kila fundi na kila mhandisi anapaswa kuwa nacho mdomoni.

Tuirudie tembe. Wenye tembe walipenda paa litokeze kidogo mbele ya ukuta ili mvua isiumwagikie. Ndipo nguzo moja inapoingia ndani, na boriti inabaki ikining'inia upande mmoja. Watu wawili waliobeba gogo wanalijua hili kwa mabega yao: mmoja akisogea kuelekea katikati, ndiye anayeelemewa. Kwa boriti yetu ya mita 3, nguzo ya mbele ikisogezwa ndani nusu mita, umbali kati ya nguzo unakuwa mita 2.5. Momenti ya udongo kwa nguzo ya nyuma bado ni 810, lakini sasa inagawanywa kwa 2.5. Nguzo ya mbele inabeba kilo 324, ya nyuma 216. Nusu mita ya kivuli imemwongezea mmoja kilo 54 na kumpunguzia mwenzake kilo hizohizo.

Halafu inakuja mvua ya masika. Udongo wa sentimita 20 ukinywa maji ya kina cha sentimita 4, na huo si ulevi kwa udongo wenye mfinyanzi, kila mita ya mraba inaongezeka kilo 40. Kwa boriti moja ni kilo 60, kwa hiyo kila nguzo inapanda kutoka 270 hadi 300. Nguzo iliyokatwa vizuri inalivumilia hilo, na jua likirudi maji yanaondoka.

Kibaya zaidi ni ukarabati. Paa la udongo huvuja, na dawa yake inayojulikana ni kuongeza udongo juu ya ufa. Mwaka huu sentimita 2, mwaka ujao 3. Sentimita 5 za nyongeza ni kilo 80 kwa mita ya mraba, kilo 120 kwa boriti, kilo 60 kwa kila nguzo, na hizi haziondoki jua likiwaka. Nguzo iliyoanza na kilo 270 inafikia 330 ikiwa kavu, na zaidi ya 360 ikilowa. Wakati huohuo mchwa na unyevunyevu vinaila pale inapoingia ardhini. Mzigo unapanda, mbebaji anapungua. Dalili zake zinaonekana kabla ya ajali: panda inayoanza kupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, boriti iliyobonyea pale inapolalia panda, ufa mpya ukutani karibu na nguzo, mlango uliokuwa unafunguka vizuri na sasa unakwaruza juu. Mwenye nyumba mwenye busara hukwangua udongo wa zamani kabla ya kuweka mpya.

Mpaka hapa boriti imekuwa peke yake. Ndani ya nyumba kubwa, panda haziwi chini ya kila boriti. Boriti ndogo hulala juu ya boriti kuu, na boriti kuu ndiyo inayolala kwenye nguzo. Ndipo mjibizo wa boriti moja unapogeuka kuwa mzigo wa nyingine. Kwenye mstari wa katikati ya nyumba, boriti ndogo zinakutana kutoka pande mbili, kila moja ikileta kilo 270 zake. Boriti kuu inapokea kilo 540 kila nusu mita, na kwa ukaribu huo fundi anaweza kuzihesabu kama mzigo mpya uliotawanyika sawasawa wa kilo 1,080 kwa mita. Nguzo zikiwa mita 2 moja hadi nyingine, na boriti kuu ikiwa vipande vinavyokutania juu ya kila nguzo, kila nguzo ya ndani inapata nusu kutoka kushoto na nusu kutoka kulia: kilo 2,160. Nguzo ya ukingoni, inayopokea boriti ndogo za upande mmoja tu, inabeba 1,080. Nguzo ya kona inabeba 540.

Nguzo ya katikati, basi, inabeba mara nne ya nguzo ya kona, na zote ziko chini ya paa moja lenye unene mmoja. Mara nyingi mti mnene huchaguliwa uwekwe kona kwa sababu kona ndiyo inayoonekana na ndiyo inayonyoosha nyumba. Hesabu inautaka mti huo uingie ndani, gizani, mahali mgeni hapaoni.

Kuna mahali ambapo hesabu hii ya nusu kwa nusu inakoma kabisa, na panafaa kusimamiwa kwa kitambo. Seremala amepata boriti ndefu ya mita 6, si jambo la kila siku, kwa sababu msitu wa mlimani ulio juu ya Karatu umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959, na miti yake haikatwi hovyo. Anaona ni hasara kuikata. Anailaza nzima juu ya nguzo tatu: mbili nchani, moja katikati. Boriti mbili za mita 3 zingetoa kilo 270 kila ncha na 540 katikati. Boriti moja nzima, iliyonyooka na kulala sawa juu ya nguzo zote tatu, inatoa 202.5 kila ncha, na 675 katikati. Jumla ni 1,080 ileile, ila nguzo ya kati imebebeshwa robo nzima zaidi. Tarakimu hizo hazitoki kwenye sharia mbili tulizozitaja, maana sasa kuna maegemeo matatu na sharia mbili tu. Zinatoka kwenye hesabu ya jinsi boriti inavyopinda. Na kwa kuwa zinategemea kupinda, zinategemea pia nguzo zilivyokaa. Nguzo ya kati ikizama sentimita chache, inaukataa mzigo wake, na ikiachana kabisa na boriti, nguzo za nchani zinajikuta na kilo 540 kila moja, zaidi ya mara mbili ya zilivyotarajia.

Galileo aliliandika jambo hili katika kitabu chake kuhusu sayansi mpya mbili, kilichochapishwa Leiden mwaka 1638. Nguzo kubwa ya marumaru ilikuwa imelazwa juu ya magogo mawili, moja karibu na kila ncha. Fundi mmoja akahofu isije ikavunjika katikati kwa uzito wake yenyewe, akashauri liongezwe gogo la tatu pale katikati. Kila mtu akaona ni shauri jema. Miezi michache baadaye marumaru ilikutwa imepasuka, tena hasa juu ya gogo jipya. Gogo moja la nchani lilikuwa limeoza na kuzama, lile la katikati likabaki gumu, na nusu ya marumaru ikabaki hewani bila kitu cha kuishika. Galileo anaeleza kwamba kwa magogo mawili ya awali ajali hiyo isingetokea: moja likizama, ncha ya marumaru ingelifuata chini kwa utulivu.

Ndiyo sifa kubwa ya boriti ya maegemeo mawili. Nguzo moja ikizama sentimita mbili, boriti inainama kidogo, lakini mijibizo inabaki 270 na 270. Katika nchi ambayo nguzo zinaliwa na mchwa na udongo wake unavimba na kunywea kwa majira, uvumilivu huo una thamani kubwa, na waliokatisha boriti zao juu ya kila panda walikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Leo Karatu inajengwa kwa tofali za kuchoma, linta ya zege na bati. Kanuni ni ileile, ila tarakimu zimeporomoka kiasi cha kugeuza swali. Bati pamoja na papi zake na mbao za chini havizidi kilo 15 hadi 20 kwa mita ya mraba, dhidi ya 360 za tembe. Tuchukue mbao ya paa yenye urefu wa mita 3, zikiwa zimepangwa kila mita moja, na paa la kilo 15. Mzigo ni kilo 45, kila ukuta unapokea 22.5. Ukuta hauna habari.

Upepo ndio wenye habari. Juu kuelekea ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na hata Karatu yenyewe kukiwa na dhoruba, upepo unaopita juu ya bati haulikandamizi paa; unalivuta juu, na kwa hesabu ya kwanza mvuto huo nao huchukuliwa kuwa umetawanyika sawasawa. Tuseme ni kilo 50 kwa mita ya mraba. Mbao yetu inavutwa juu kwa kilo 150 na kushushwa na uzito wake kwa 45. Baki ni 105 kuelekea juu. Nusu kwa nusu tena, ila sasa kila ukuta unatakiwa kuishika mbao isiondoke, kwa kilo 52.5 kuelekea chini. Panda ya tembe isingeweza hata kidogo, maana panda inajua kusukuma juu tu. Tembe haikuihitaji: kilo 360 za kila mita ya mraba hazinyanyuliwi na upepo wowote wa huko.

Kwa hiyo waya au ukanda wa chuma unaofunga mbao ukutani ndio unaobeba mjibizo huo, na swali linahamia kwenye kile ulichofungwa nacho. Ukifungwa kwenye mstari wa juu kabisa wa tofali, katika mita moja ya ukuta wenye safu moja ya tofali kuna tofali nne au tano hivi, kilo kama 14, ambazo zitang'oka pamoja na paa. Ili kufikia kilo 52.5 kwa uzito wa tofali peke yake, waya lazima ushuke mistari minne, na hapo ni kulingana tu, hakuna akiba. Linta inayozunguka nyumba nzima, ya sentimita 15 kwa 20, ina kilo 72 kwa kila mita, na nondo zake zinazifanya mita zote zishikamane. Fundi anayechomoza waya kutoka kwenye linta kabla zege halijakauka, kila mita moja, na kuuacha mrefu wa kutosha kupita mistari ya tofali itakayofuata na kuzunguka mbao, amekwisha kuupatia mjibizo huo mahali pa kushika. Akiusahau siku ya kumwaga zege, atalazimika kutoboa linta au kushusha waya ndani ya ukuta, kazi ya siku nzima kwa kitu ambacho kingechukua dakika chache.